Namna ya kuandika muhtasari wa mahubiri kutoka kwenye rekodi

Mshirika aliyekosa ibada kwa ugonjwa, safari au zamu ya kazi huwa na maswali mawili: tulifundishwa nini, na tulisoma wapi? Mihtasari mingi inayotumwa haimjibu. Mingine ni orodha ya mafungu kumi na kitu, bila neno lolote la kueleza yaliingiaje kwenye hubiri. Mingine ni aya mbili tatu za maneno mema juu ya upendo na imani, ambazo ukizihamishia kwenye hubiri la wiki iliyopita zinakaa vilevile.

Njia ninayoiamini ni kuuliza kila andiko lilifanya kazi gani katika hubiri. Mhubiri hatoki Luka akaenda Yona bila sababu. Ukiishika sababu hiyo na kuiandika kwa sentensi moja, fundisho kuu huanza kujitokeza lenyewe, na msomaji anayefungua Biblia nyumbani anajua anatafuta nini.

Nitatumia hubiri moja la mfano, nililolitunga kwa ajili ya mwongozo huu. Rekodi ina dakika 42. Somo kuu ni Luka 15:11-32, habari ya baba na wana wawili, na mhubiri ameamua kukaa zaidi na yule mwana mkubwa.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Soma somo kuu kwanza, lote, taratibu. Usipolisoma, hutaweza kutofautisha maneno ya Luka na maneno ya mhubiri anayesimulia kwa lugha yake. Mhubiri akisema "yule baba alikuwa akisimama mlangoni kila jioni akitazama njia", utadhani imeandikwa. Luka anasema tu kwamba baba alimwona mwanawe alipokuwa angali mbali, akaenda mbio kumlaki (15:20). Habari ya kila jioni ni rangi ya msimuliaji. Si kosa, lakini katika muhtasari haifai kuwekwa kana kwamba ni Maandiko.

Jambo linalosumbua mara nyingi ni kwamba rekodi huanza mhubiri anaposhika kipaza sauti, na somo lilikwisha kusomwa na mtu mwingine. Mhubiri anasema tu "katika somo letu la leo", na wewe unayesikiliza hujui ni lipi. Usibahatishe kwa kufuata hadithi anayoisimulia. Muulize aliyeongoza ibada, au tazama ratiba, upate mstari wa kuanzia na wa kumalizia. Palipokuwa na masomo mawili matatu, yaandike yote hata kama mhubiri alishughulika na moja tu, maana waliokuwepo waliyasikia yote.

Uliza pia tafsiri iliyosomwa. Union na Habari Njema zinatofautiana maneno, na ukinukuu kutoka tafsiri nyingine, msomaji atadhani umekosea.

Sikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha

Vaa hedifoni, maana spika ya simu humeza herufi, na katika mahubiri herufi moja inaweza kukupeleka mstari mwingine. Sikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Usiandike sentensi. Andika dakika na jambo lililotajwa, basi. Karatasi yangu ya hubiri hili la mfano ingekuwa hivi:

02:10 – Luka 15:1-2, Mafarisayo na waandishi wananung'unika
06:30 – mwana mdogo adai urithi, "Kumbukumbu 21"
10:00 – mwana mdogo arudi, baba akimbia
13:15 – mwana mkubwa anatoka shambani
17:20 – lalamiko lake, "mstari wa ishirini na sita?"
20:05 – wafanyakazi wa shamba la mizabibu
24:50 – kisa cha familia moja (jina limetajwa)
29:00 – Yona, "sura ya tatu"
33:10 – "Mungu humsaidia anayejisaidia"
34:30 – upendo hauhesabu mabaya, Wakorintho
37:00 – mwito
39:40 – sala ya kufunga

Alama za kuuliza na za kunukuu ziache zilivyo. Zinakuonyesha mahali pa kurudi. Ukisimamisha rekodi kila mara ili kuandika sentensi nzima, utamaliza ukiwa na kurasa nyingi za maneno ya dakika kumi za kwanza, na nguvu zitakuwa zimekwisha kabla mhubiri hajafika alikokuwa akienda.

Hubiri likiwa limetolewa na mkalimani pembeni, sikiliza lugha zote mbili kwenye mafungu. Mara nyingi mkalimani aliye na Biblia wazi mkononi hutaja mstari kamili pale ambapo mhubiri alitaja kitabu tu.

Kutafuta fundisho kuu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi. Muhtasari ukikosea mstari mmoja, mtu ataurekebisha. Ukikosea fundisho, aliyekosa ibada anaondoka na hubiri ambalo halikuhubiriwa.

Kwa mfano wetu, mtego ni mkubwa. Habari ya mwana mpotevu kila mtu anaijua, na dakika kumi na tatu za mwanzo zinaisimulia. Mwandishi mwenye haraka ataandika: "Mhubiri alitufundisha kwamba Mungu husamehe mwenye dhambi akitubu." Ni kweli, na mhubiri aliligusa. Lakini siku hiyo halikuwa fundisho lake.

Kuna mahali pane ninapopaangalia. Kwanza ni muda. Kuanzia 13:15 hadi 37:00, karibu dakika ishirini na nne, mhubiri yuko na mwana mkubwa au na watu wanaofanana naye. Pili ni mahali anaporudi baada ya kila mfano. Akimaliza habari ya wafanyakazi anasema "ndivyo alivyokuwa kaka mtu". Akimaliza Yona anasema hivyohivyo. Mhubiri anaweza kuzunguka mbali, lakini pale anaporudi ndipo nyumbani kwake. Tatu ni mwito: anawataka wasikilizaji wafanye nini? Na nne ni sala ya kufunga, ambayo watu wengi huikata wakidhani hubiri limekwisha. Katika sala mhubiri hulieleza fundisho lake tena kwa ufupi, bila mapambo. Kwenye rekodi yetu, saa 39:40, anaomba: "Utusaidie sisi tulio nyumbani kwako, tusikae nje ya furaha yako." Sentensi hiyo peke yake ingetosha kukuonyesha njia.

Usidanganywe na maneno yanayorudiwa na mkutano wote. "Mwambie jirani yako, mlango uko wazi" inaweza kusemwa mara tano kwa ajili ya kuamsha watu. Wakati mwingine ndiyo kiini, wakati mwingine ni mdundo tu. Ilinganishe na mwito na sala. Ikikubaliana navyo, itumie.

Sasa andika fundisho kwa sentensi moja kamili, yenye mtenda na tendo. "Habari za mwana mkubwa" ni mada tu. Fundisho ni hili: *Mtu anaweza kukaa nyumbani kwa Baba na kumtumikia miaka yote, huku moyo wake ukiwa nje ya furaha ya Baba; na Baba hutoka kumsihi huyo naye aingie.*

Ijaribu sentensi yako kwa maswali mawili. Je, ingeweza kubandikwa kwenye hubiri la wiki iliyopita? Ikiweza, bado ni pana mno. Je, kila sehemu kubwa ya hubiri inaielekea? Kama dakika tano nzima haziielekei, ama mhubiri alitoka nje ya njia, ama wewe hujalishika fundisho. Rudia kusikiliza dakika hizo kabla ya kumlaumu mhubiri.

Kuhakiki maandiko

Rudi sasa kwenye kila andiko ulilolitaja kwenye karatasi, rekodi sikioni na Biblia wazi. Kila moja lina matatizo yake, na yale ya mfano wetu ni yale yanayotokea kweli.

Tuanze na 17:20. Nilisikia "mstari wa ishirini na sita". Fungua Luka 15:26: mwana mkubwa anamwita mtumishi na kumuuliza kuna nini. Lakini mhubiri alikuwa akizungumzia lalamiko la mwana, kwamba ametumikia miaka mingi na hakupewa hata mwana-mbuzi. Hilo liko mstari wa 29. Katika rekodi yenye mwangwi, "sita" na "tisa" hazitofautiani sana. Kinachoamua ni maudhui: soma mstari uliousikia, uone kama unasema kile mhubiri alichokuwa akisema. Ukipunguza kasi ya kusikiliza hadi 0.75 nayo husaidia.

Wakorintho, 34:30. Mhubiri alisema "Paulo anawaandikia Wakorintho, upendo hauhesabu mabaya", bila kusema waraka wa kwanza au wa pili. Ni 1 Wakorintho 13:5. Jihadhari hivyohivyo na Samweli, Wafalme, Mambo ya Nyakati, Wathesalonike, Timotheo na Petro. Yohana ndiye mgumu kuliko wote, maana kuna Injili na nyaraka tatu. "Yohana tatu kumi na sita" mara nyingi ni Injili, lakini 1 Yohana 3:16 nayo ipo, nayo inazungumzia Kristo kuutoa uhai wake na sisi kutakiwa kuwafanyia ndugu vivyo hivyo. Soma zote mbili, uone ni ipi inayolingana na mazungumzo.

Shamba la mizabibu, 20:05. Hapa mhubiri hakutaja kitabu wala sura. Alisema tu "mnakumbuka wale wafanyakazi". Mifano ya shamba la mizabibu katika Injili ni zaidi ya mmoja. Mathayo 20:1-16 ni ya walioajiriwa saa mbalimbali wakalipwa sawa. Mathayo 21:28-32 ni ya wana wawili waliotumwa shambani. Mathayo 21:33-46 ni ya wakulima waovu. Mwandishi anayekumbuka tu "shamba la mizabibu, Mathayo" anaweza kuchukua ule wa wana wawili, kwa kuwa hubiri nalo lina wana wawili. Sikiliza tena: mhubiri anataja dinari, na wanaonung'unika kwa sababu wa mwisho wamelinganishwa nao. Basi ni Mathayo 20:1-16.

Yona, 29:00. Mhubiri alisema "sura ya tatu", lakini habari aliyoisimulia, Yona kukasirika na kukaa nje ya mji, iko sura ya nne. Sura ya tatu ni toba ya Ninawi. Ulimi uliteleza. Kwenye muhtasari andika Yona 4, kisha mjulishe mhubiri unapomtumia rasimu. Usiandike "mhubiri alisema sura ya tatu lakini ni ya nne". Msomaji anahitaji mahali sahihi. Kasoro ya mtu aliyekuwa akizungumza bila karatasi haimsaidii.

Kauli ya 33:10 ni tatizo la aina nyingine. "Mungu humsaidia anayejisaidia" ilisemwa baada ya "Biblia inasema". Haimo katika Biblia. Ukisikia kauli usiyoweza kuiweka mahali, tafuta maneno yake mawili matatu yasiyo ya kawaida kwenye itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno yake na mahali yalipo, au kwenye Biblia ya simu yenye kutafuta. Usipoipata, usiiweke kati ya maandiko. Kwa hubiri letu inaachwa kabisa, maana ilisemwa kwa kupita na haijengi fundisho. Ingekuwa nguzo ya hubiri, ningempigia mhubiri kabla ya kuandika chochote.

Jambo moja la nyongeza kwa mikutano inayotumia Biblia tofauti: hesabu ya Zaburi hutofautiana katika baadhi ya matoleo, kiasi kwamba Zaburi ya 23 ya wengi ni ya 22 kwa wengine. Ukiandika na maneno ya kwanza ya zaburi, hakuna atakayepotea.

Kazi ya kila andiko

Maandiko yakishahakikiwa, andika mbele ya kila moja neno la kazi yake. Kwa mfano wetu:

Luka 15:1-2 inaonyesha hadithi ilisimuliwa kwa nani: kwa watu wa dini walionung'unika kwamba Yesu anawakaribisha wenye dhambi. Kwa hiyo mwana mkubwa ndiye anayewawakilisha wasikilizaji.

Kumbukumbu la Torati 21:17 ilitajwa kwa sekunde chache tu, na wengi wangeiacha. Inasema mzaliwa wa kwanza apewe sehemu mbili. Baba alipowagawia wanawe mali (Luka 15:12), mdogo alichukua theluthi, na theluthi mbili zilizobaki ni za mkubwa. Mhubiri aliitumia kufungua maneno ya baba, kwamba vyote alivyo navyo ni vya mwana huyo (15:31). Yaani mwana aliyelalamikia mbuzi mmoja alikuwa mwenye zizi lote. Andiko hili dogo linabeba uzito mkubwa, na haliwezi kuachwa.

Mathayo 20:1-16 inaonyesha moyo uleule kwa watu wengine: hasira inayotokana na wema aliofanyiwa mwenzako.

Yona 4 inaonyesha mtumishi wa Mungu aliyekaa nje kwa hasira, na kitabu kinaisha kwa swali bila jibu. Hadithi ya Luka nayo inaisha bila kutuambia kama mwana mkubwa aliingia. Ndiyo sababu mhubiri aliviweka pamoja: jibu ameachiwa msikilizaji.

1 Wakorintho 13:5 ndiyo iliyofungua mwito.

Ukiona andiko huwezi kuliandikia kazi, huenda lilitajwa kwa kupita. Hayo yaweke mwishoni chini ya "Pia yalitajwa", au yaache.

Mambo ya watu

Saa 24:50 mhubiri alisimulia ugomvi wa urithi katika familia moja, akataja jina. Ndani ya ibada maneno hayo yalisikiwa na waliokuwepo. Yakiandikwa, yatatumwa mbele kwa watu ambao hata kanisa hilo hawalijui, na hayafutiki. Kama kisa kina kazi, kiandike kwa sentensi moja bila jina, mahali wala kazi ya mtu. Kisha jiulize kama mshirika wa kawaida bado angemtambua mhusika. Akimtambua, toa kisa chote. Mimi hukitoa hata kama ni kizuri. Maombi ya wagonjwa, shuhuda na matangazo ya michango pia si sehemu ya muhtasari. Yana watu wake wa kuyatuma.

Kuandika

Maneno mia tatu hadi mia nne yanatosha kwa hubiri la dakika arobaini. Zaidi ya hapo, mtu anayesoma kwenye simu anaanza kuruka. Fuata mwendo wa hubiri, lakini si kwa uwiano wa dakika: masimulizi yanayojulikana yafupishe sana, mahali fundisho linapogeuka pape nafasi.

Tumia vitenzi vinavyoonyesha mhubiri alifanya nini: alieleza, aliuliza, alionya, alihimiza. Alama za kunukuu ziweke tu kwenye maneno uliyorudi kuyasikiliza neno kwa neno. Swali la mhubiri liache liwe swali. Ukilijibu umehubiri hubiri lako. Na maarifa yako mwenyewe juu ya somo, hata yawe sahihi, yabaki nje. Msomaji ameomba kujua kilichofundishwa siku ile.

Taja pia sehemu mbili tatu za rekodi, kwa dakika zake, kwa ajili ya mtu mwenye muda mfupi wa kusikiliza. Hakikisha ni dakika za faili atakayotumiwa. Ukikata salamu za mwanzo, namba zako zote zinasogea.

Hubiri letu lingetoka hivi:

*Muhtasari wa mahubiri*

Somo kuu: Luka 15:11-32

Fundisho: Mtu anaweza kukaa nyumbani kwa Baba na kumtumikia miaka yote, huku moyo wake ukiwa nje ya furaha ya Baba, na Baba hutoka kumsihi huyo naye aingie.

Mhubiri alianza kwa kutukumbusha Yesu alikuwa akizungumza mbele ya nani. Mafarisayo na waandishi walinung'unika kwa sababu aliwakaribisha wenye dhambi na kula nao (Luka 15:1-2). Kwa hiyo, alieleza, hadithi haiishi mwana mdogo anaporudi. Inaelekea kwa yule aliyebaki nyumbani.

Mwana mkubwa alisikia ngoma akiwa anatoka shambani, akakasirika, akakataa kuingia. Lalamiko lake (mst. 29) ni la mtu anayehesabu: miaka mingapi ametumikia, na hakupewa hata mwana-mbuzi. Mhubiri alionyesha kwamba kwa sheria ya urithi mzaliwa wa kwanza alipata sehemu mbili (Kumbukumbu la Torati 21:17), na mali ilikwisha kugawanywa (mst. 12). Baba aliposema vyote alivyo navyo ni vyake (mst. 31), alisema kweli tupu. Mwana huyu alikuwa na kila kitu, ila hakufurahia.

Moyo huohuo tunauona kwa wafanyakazi walioudhika waliokuja mwisho walipolipwa sawa nao (Mathayo 20:1-16), na kwa Yona aliyekaa nje ya Ninawi akiwa amekasirika kwa sababu Mungu ameuhurumia mji (Yona 4). Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali. Hadithi ya Luka nayo haituambii kama mwana mkubwa aliingia. Mhubiri alituachia swali hilo: "Wewe uko ndani, au umesimama mlangoni?"

Alisisitiza kwamba baba alitoka nje mara mbili: alimkimbilia mdogo (mst. 20), na aliiacha karamu akamsihi mkubwa (mst. 28).

Mwito: kila mmoja amtaje mbele za Mungu mtu ambaye wema aliotendewa umemuudhi, na aache kuhesabu, kwa kuwa upendo hauhesabu mabaya (1 Wakorintho 13:5).

Ukiwa na dakika chache, sikiliza 13:15 hadi 20:05, kisha 37:00 hadi mwisho.

Kumpa mhubiri, kisha kutuma

Mtumie mhubiri rasimu kabla ya mtu mwingine yeyote, na usimuulize "iko sawa?", maana atajibu ndiyo akiwa njiani. Muulize mambo mahususi: fundisho nililoliandika ndilo ulilokusudia? Yona ni sura ya nne? Nukuu ya swali la mlangoni naweza kuiacha? Akibadilisha sentensi ya fundisho, soma muhtasari wote upya, kwa sababu sehemu nyingine zilikuwa zikiegemea sentensi ile ya zamani.

Kosa likigundulika baada ya kutuma, tuma tena muhtasari mzima, juu yake ukiwa na neno "Umesahihishwa" na mstari mmoja unaotaja kilichobadilika. Ujumbe mfupi wa "samahani, ni mstari wa 29" hupotea chini ya salamu za watu, na wengi wanabaki na ule wa kwanza.

Kwa washirika wasioona vizuri au wasiosoma, rekodi sauti yako ukiusoma muhtasari huohuo. Dakika tatu au nne zinatosha. Ukifika kwenye andiko usiseme "moja Wakorintho kumi na tatu tano". Sema "Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya kumi na tatu, mstari wa tano", kisha nyamaza kidogo kabla ya kuendelea, ili mwenye kutaka kuandika au kumwambia mjukuu amfungulie Biblia apate nafasi.